Mzoga shambani: Kwa nini shimo refu si salama kila mara

NG'OMBE wa maziwa anapofia zizini, maboma mengi hufanya mambo mawili kwa haraka. Kwanza huulizwa iwapo nyama yake yaweza kuliwa. Jibu likiwa la, hutafutwa vijana wenye sururu na mabeleshi wachimbe shimo refu mahali ambapo udongo ni laini, na mahali hapo, aghalabu, ni bondeni karibu na mto. Swali hilo la kwanza limewahi kuwaua watu humu nchini. Shimo nalo huweza kuchafua maji ya familia kwa miezi mingi bila yeyote kuhusisha maradhi ya tumbo ya watoto na ng'ombe aliyezikwa msimu uliopita.

Mzoga hauwi hatari kwa sababu ya uvundo wake tu. Takriban thuluthi mbili za mwili wa ng'ombe ni maji, na maji hayo sharti yaende mahali. Mwaka wa 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka Uingereza na mamilioni ya mifugo wakachinjwa ili kuuzuia, wataalamu wa nchi hiyo walilazimika kukadiria kiasi cha majimaji yatokayo katika mizoga iliyofukiwa. Makadirio yao yalikuwa kwamba ng'ombe mmoja mzima hutoa lita 80 hivi katika juma la kwanza na jumla ya lita 160 ndani ya miezi miwili. Hiyo ni mitungi minane ya lita 20 ya majimaji yenye bakteria, mafuta na amonia, yakishuka polepole kuelekea kule ambako maji ya kisima hutoka.

Udongo una uwezo wa kuyasafisha majimaji hayo, mradi uwe mkavu, uwe na hewa na uwe wa unene wa kutosha. Bakteria wengi hunaswa na kufa humo. Amonia nayo hugeuka kuwa naitreti, ambayo huyeyuka katika maji na kusafiri nayo mbali. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 50 za naitreti katika kila lita ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwafikiria watoto wachanga wanaopewa maziwa ya unga, kwani naitreti nyingi huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Kuchemsha maji, ambako ndiko kinga ya kila jikoni, huwaua bakteria lakini hakuiondoi naitreti. Maji yanapopungua sufuriani, naitreti iliyobaki huwa nzito zaidi.

KABLA YA KUUGUSA

Kabla ya mkulima kufikiria shimo lolote, yampasa ajiulize ni nini kilichomuua mnyama. Swali hili si la kitaaluma tu. Jibu lake ndilo linaloamua iwapo mzoga utaguswa na nani, na utazikwa kwa njia gani.

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote ni kimeta. Mnyama aliyekuwa akila vyema jioni hupatikana amekufa asubuhi. Tumbo lake huvimba upesi kupita kawaida, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa. Aidha, mwili wake haukakamai kama ilivyo desturi ya mizoga mingine. Si lazima dalili zote zionekane. Mnyama yeyote aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana, hasa mahali ambapo kimeta kimewahi kutokea, anafaa kuchukuliwa kuwa alikufa kwa ugonjwa huo hadi daktari wa mifugo aseme vinginevyo.

Sababu ya tahadhari hii ni tabia ya bakteria wenyewe. Maadamu mzoga haujapasuliwa, bakteria wa kimeta walio ndani hukosa hewa, hushindwa na wadudu wa uozo na hufa katika siku chache. Kisu kinapopita, damu humwagika na kukutana na hewa, nao bakteria hujigeuza kuwa viiniyoga vyenye ganda gumu. Viiniyoga hivyo hustahimili jua, mvua na ukame, na huweza kukaa udongoni kwa miongo mingi vikisubiri ng'ombe atakayelisha mahali hapo. Ndiyo sababu kimeta hurejea katika maeneo yale yale. Mwaka wa 2015 kiliwaua zaidi ya nyati 100 katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru.

Kwa hiyo mzoga unaoshukiwa haupasuliwi, hauchunwi ngozi, hauburutwi na wala hautobolewi tumbo ili kutoa gesi. Hata daktari hapasui. Yeye huchukua damu kidogo kutoka mshipa wa sikio na kuipeleka maabara. Wakati akisubiriwa, mzoga hufunikwa kwa karatasi nzito ya nailoni iliyokandamizwa kwa mawe pembeni, na mtu huachwa azuie mbwa, kunguru na majirani wenye visu. Matundu ya mwili huzibwa kwa pamba au matambara yaliyoloweshwa dawa ya kuua viini, na anayefanya kazi hiyo huvaa glavu na buti za mpira.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mifugo kutoa taarifa anaposhuku ugonjwa wa aina hii. Wengi huiogopa sheria hiyo kwa kudhani itawaletea karantini na hasara. Lakini taarifa ndiyo inayomletea mkulima chanjo ya ng'ombe waliosalia, na ndiyo inayowawezesha waliogusa mzoga kwenda hospitalini mapema. Kimeta kwa binadamu hutibika kwa dawa za viuavijasumu kikigunduliwa mapema. Kidonda chake ngozini huanza kama kipele cha kuwasha, kisha huwa cheusi katikati na, ajabu, hakiumi.

Kimeta kikithibitishwa, mzoga huchomwa hadi uwe majivu au huzikwa pale pale ulipoangukia, katika shimo la meta mbili au zaidi, chini ya usimamizi wa daktari. Udongo uliolowa damu hukwanguliwa na kutiwa shimoni pamoja na nyasi za malazi. Hapa pana kosa linalofanywa hata na watu waliosoma: kumwaga chokaa juu ya mzoga wa kimeta. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haipendekezi chokaa katika mazishi haya, kwa kuwa kalisi iliyomo yaweza kuvisaidia viiniyoga kudumu udongoni.

Hata katika mizoga ya kawaida, chokaa haina sifa inayopewa vijijini. Watu huamini kwamba huyeyusha nyama. Kinyume chake, hukausha na kuchelewesha uozo. Faida yake ni kupunguza harufu na kuwafukuza mbwa, na kwa hilo kuna vitu vya bei nafuu zaidi.

Si kimeta peke yake kinachomdhuru anayegusa mzoga. Katika mkurupuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwaka wa 2006 na 2007, ambao uliwaua watu zaidi ya 150 nchini, wengi wa waathiriwa walikuwa wameshika damu ya mifugo wagonjwa au ndama na wana-kondoo waliotoka mimba zikiwa changa. Kijusi kilichotoka na kondo la nyuma ni mzoga pia, hata kama ni kidogo kiasi cha kutupiwa mbwa. Havishikwi kwa mikono mitupu.

UREFU WA SHIMO NA KINA CHA MAJI

Tuseme sasa kwamba daktari amefika na kuthibitisha kwamba ng'ombe amekufa kwa ugumu wa kuzaa, au kwa kuvimbiwa, au kwa ndigana. Hakuna kimeta. Azikwe wapi?

Kanuni za Uingereza zilizo maarufu zaidi katika jambo hili husema mzoga uwe umbali wa meta 250 kutoka kisima au chemchemi ya maji ya kunywa, meta 30 kutoka mto au chemchemi nyingine, na meta 10 kutoka mfereji wa shamba. Sakafu ya shimo iwe kavu wakati wa kuchimbwa, pawe na angalau meta moja ya udongo kati yake na maji ya chini, na mzoga ufunikwe kwa udongo wa meta moja.

Kanuni hizo ni nzuri, lakini ziliwekwa kwa mashamba makubwa. Katika nyanda za juu za Murang'a, Kiambu au Nyeri, shamba la kawaida ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani kwenye mgongo wa kilima na kuteremka hadi mtoni. Chukua mfano wa shamba la ekari moja lenye upana wa meta 40 na urefu wa meta 100. Nyumba iko juu karibu na barabara. Zizi liko meta 20 kutoka barabarani, kisima kilichochimbwa kwa mkono kiko meta 30, na chini kabisa ni shamba la mabingobingo na mto. Hakuna popote katika ekari hiyo ambapo mtu aweza kusimama akawa meta 250 kutoka kisima chake, licha ya visima vya majirani wa kulia na kushoto.

Mkulima akichimba juu ya kisima, majimaji ya mzoga yatateremka kukifuata kisima. Akichimba bondeni katika mabingobingo, sururu itaingia bila taabu, lakini baada ya meta moja na nusu ataanza kuona udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu. Rangi hiyo ni ishara kwamba maji hufika hapo msimu wa mvua, hata kama siku ya kuchimba shimo ni kavu. Kumzika ng'ombe hapo kwa kina cha meta mbili ni sawa na kumtia katika maji yenyewe. Humo hakuna hewa, baridi ni nyingi, na uozo huenda polepole mno. Mizoga iliyozikwa katika udongo uliojaa maji imewahi kufukuliwa baada ya miaka ikiwa bado na nyama.

Hapa ndipo imani kwamba shimo refu zaidi ndilo salama zaidi inapoporomoka. Urefu wa shimo humfukuza fisi na huondoa harufu, hilo ni kweli. Lakini kila meta inayochimbwa ni meta moja ya udongo wa kuchuja iliyoondolewa kati ya mzoga na maji.

Kwa shamba la mfano wetu, mahali panapostahimilika ni upande wa chini wa kisima, karibu meta 65 kutoka barabarani. Hapo patakuwa meta 35 chini ya kisima na meta 35 hivi juu ya mto. Yafaa pia kuangalia kisima cha jirani kiko wapi, kwani mpaka wa shamba hauyazuii maji ya chini. Pakishachaguliwa, huchimbwa tundu jembamba la majaribio lenye kina cha meta moja na nusu na kuachwa usiku kucha likiwa limefunikwa. Asubuhi likipatikana na maji, mahali hapo panaachwa. Likiwa kavu, shimo laweza kuchimbwa, ila lisiwe refu.

KABURI FUPI LENYE VUMBI LA MBAO

Njia inayofaa mahali kama hapa imefanyiwa majaribio Marekani na kwingineko katika miaka ya hivi karibuni. Mzoga huwekwa karibu na uso wa ardhi, juu ya tandiko nene la vitu vikavu vya mimea, kisha hufunikwa kwa kilima cha udongo. Tandiko hufyonza majimaji kabla hayajaufikia udongo, na hewa inayopenya huwawezesha bakteria wa uozo kufanya kazi kwa kasi na kwa joto.

Kwa ng'ombe wa kilo 400, huchimbwa shimo la urefu wa meta mbili na nusu, upana wa meta mbili na kina cha sentimeta 60 tu. Sakafu hutandikwa vumbi la mbao, maranda au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimeta 30. Hilo ni kama magunia 12 ya ukubwa wa yale ya mahindi ya kilo 90. Vumbi la mbao hupatikana kwa mafundi wa mbao kwa bei ndogo, na pengine bure kwa anayelibeba mwenyewe. Lisiwe limelowa, kwani kazi yake ni kunywa maji, nalo likiwa limelewa tayari halitakunywa tena.

Mzoga hulazwa ubavu katikati ya tandiko, usiguse kingo za shimo. Magunia mengine manane hivi humwagwa kando na juu yake. Kisha udongo hurudishwa hadi uwe na unene wa sentimeta 60 juu ya sehemu ya mwili iliyoinuka zaidi. Hapa wachimbaji hugundua jambo ambalo laonekana dogo: udongo uliotoka katika shimo fupi hautoshi. Sehemu ya mzoga imeinuka juu ya ardhi na kilima chahitaji kuwa cha meta moja hivi. Udongo uliopungua hupatikana kwa kuchimba mfereji wa nusu duara upande wa juu wa kaburi. Mfereji huo pia ndio unaozuia maji ya mvua yanayoteremka kilimani yasipite katikati ya kaburi, na ukiachwa bila kuchimbwa, mvua ya kwanza ya masika itaharibu kazi yote.

Kilima hicho hakishindiliwi, ili hewa ipite, bali hupandwa nyasi. Matawi ya miiba huwekwa juu na kukandamizwa kwa mawe, kwani adui mkubwa wa kaburi fupi ni mbwa. Mahali ambapo fisi ni wengi, kama vile pembezoni mwa mbuga, njia hii haifai bila wavu wa chuma. Haifai pia kwa kimeta, kwa mnyama aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, wala kwa mnyama ambaye daktari ameagiza azikwe kwa namna maalumu. Vilevile mnyama aliyeuawa kwa sindano ya dawa ya usingizi asiachwe pa kufikiwa na mbwa au tai, maana dawa hiyo hubaki mwilini na huua anayekula.

Baada ya wiki mbili au tatu kilima huanza kushuka. Hilo ni jambo jema na huonyesha kwamba kazi inaendelea, lakini nyufa zinazotokea sharti zizibwe kwa udongo mwingine. Nzi wengi wa kijani juu ya kilima, au harufu inayosikika kutoka hatua kumi, ni dalili kwamba kifuniko ni chembamba. Udongo wenye unyevu mweusi wa mafuta upande wa chini wa kaburi ni dalili mbaya zaidi, kwamba tandiko limeshindwa. Hapo hutandazwa vumbi la mbao zaidi na mfereji wa juu hukaguliwa.

Ikiwa maji ya kisima yatabadilika harufu au rangi, yasinywewe hata yakichemshwa hadi yapimwe bakteria na naitreti. Kipimo kimoja kilichochukuliwa kabla ya mazishi, pale panapowezekana, kina thamani kuliko vitano vilivyochukuliwa baadaye, kwa kuwa visima vingi vya vijijini tayari vina naitreti kutoka vyooni na katika mbolea, na bila kipimo cha kwanza hakuna awezaye kujua ni kipi kilicholeta uchafu. Choo cha shimo, tukiwa hapo, si mahali pa kutupia mzoga wa mbuzi wala kuku. Hujaa upesi, na majimaji yake huenda kule kule yanakoenda ya kaburi.

Kuna wanaouliza mbona mzoga usichomwe ukaisha. Kuchoma ni njia halali, lakini mwili wenye maji mengi kiasi hicho hudai kuni nyingi mno, nazo zisipotosha hubaki tumbo lisiloungua, likimwaga uchafu juu ya majivu. Kuongeza tairi kuukuu, kama ifanyikavyo mara kwa mara, hutoa moshi wenye sumu na huacha mafuta yanayoingia udongoni.

KUKU WANAOKUFA MMOJA MMOJA

Mfugaji wa kuku wa mayai ana shida ya namna nyingine. Hapati mzoga mmoja mkubwa, bali mizoga midogo isiyokoma. Mwenye kuku 500 aweza kupoteza watatu kwa wiki bila ugonjwa wowote wa kuambukiza. Hakuna anayechimba kaburi kila mara, hivyo kuku hurushwa katika ua wa jirani, hutupwa mtoni au hupewa mbwa. Mbwa aliyezoea kuku mfu hatofautishi baadaye kati ya mfu na hai, hiyo ni kando. Hatari zaidi ni kwamba yeye hubeba mzoga kutoka banda hadi banda.

Kwa hali hii, sanduku la mboji ndilo jibu, na lilianza kutumiwa na wafugaji wa Marekani katika miaka ya 1980. Hutengenezwa kwa mbao za mabaki, kila upande meta moja na sentimeta 20, juu ya sakafu ya saruji au udongo ulioshindiliwa, na kuezekwa kwa mabati. Paa si pambo. Mvua ikiingia, sanduku hugeuka kuwa dimbwi linalovuja.

Chini hutandikwa takataka kavu za bandani, yaani maranda yaliyochanganyika na kinyesi cha kuku, unene wa sentimeta 30. Kinyesi kina naitrojeni na maranda yana kaboni, na mchanganyiko huo ndio chakula cha bakteria wanaotoa joto. Kuku hupangwa safu moja, bila kurundikwa, umbali wa sentimeta 15 kutoka kila ukuta. Umbali huo hupuuzwa na wengi, ilhali kingoni ndiko kwenye baridi, na kuku aliyegusa ubao huoza kwa uvundo badala ya kuiva kwa joto. Kila safu hufunikwa kwa sentimeta 20 za takataka zile zile siku ile ile. Sanduku la ukubwa huu humeza kuku 30 hivi kabla ya kujaa, yaani kazi ya wiki kumi kwa mfugaji wetu. Ndiyo sababu huhitajika masanduku mawili, moja likijazwa, la pili likipumzika.

Unyevu hupimwa kwa kiganja. Konzi ya mboji ikikamuliwa ishikamane na kuacha kiganja na unyevu bila kudondosha tone. Ikidondosha, huongezwa maranda makavu. Ikimong'onyoka kama unga, hunyunyizwa maji. Joto nalo hupimwa kwa kipimajoto chenye mkono mrefu au, kwa asiyekuwa nacho, kwa fito ya chuma iliyochomekwa katikati kwa dakika kumi. Fito ikitoka ya moto kiasi cha kutoshikika, joto linaelekea nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi. Virusi vya kideri hufa kwa nyuzi 56 katika muda wa saa tatu, hivyo sanduku linalokaa katika joto hilo kwa siku tatu mfululizo limefanya kazi yake, ila tu kwa sehemu zilizofikiwa na joto. Kwa sababu hiyo, joto linaposhuka, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili tangu kuku wa mwisho awekwe, mboji yote hugeuzwa na kuhamishiwa sanduku jingine, ili kilichokuwa kingoni kiingie katikati. Joto hupanda tena. Likishuka mara ya pili, nyama imekwisha na hubaki mifupa inayovunjika kwa vidole. Mboji hiyo huenda katika mahindi au nyasi za ng'ombe baada ya kufukiwa udongoni, wala si katika sukuma wiki au mboga zinazoliwa mbichi.

Sanduku hilo ni la vifo vya kawaida. Kuku kumi au ishirini wakifa kwa siku mbili, wengine wakiharisha kijani na kupinda shingo, huenda ni kideri, na jambo la kwanza si kuwatupa bali ni kumwita daktari na kufunga lango. Hasara kubwa hapo hutokana na wanunuzi wanaozunguka na pikipiki wakinunua kuku wanaokufa kwa bei ya kutupa. Mfugaji huona ameokoa shilingi mia mbili, nao ugonjwa hupanda pikipiki hadi kijiji cha tatu. Homa ya mafua ya ndege, iliyothibitishwa nchini Uganda mwaka wa 2017, yaweza kuanza kwa sura hiyo hiyo, na kwa macho matupu haitofautishwi na kideri.

Wafugaji wa maeneo kame wana tatizo ambalo halitatuliwi na sanduku wala magunia ya vumbi la mbao. Katika ukame ulioisha mwaka wa 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa kaskazini mwa nchi, mingi ikiangukia kando ya mabwawa na visima vya maji ilikofika ikiwa imechoka. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe na wenye mifugo walikuwa wamedhoofika. Katika hali kama hiyo, kazi ya kwanza si kuzika mizoga yote, bali ni kuondoa ile iliyo upande wa juu wa bwawa, ambako mvua ya kwanza itaisomba hadi kwenye maji, na kuiweka upande wa chini wa ukuta wa bwawa. Iliyokauka mbali na maji yaweza kusubiri. Mvua nazo, kama ilivyodhihirika mwaka huo wa 2023, huja kwa ghafla.